Heri ya Noeli kwa mwenzangu: nimesema nini hasa?

Kila inapofika wiki ya tatu ya Desemba, swali lile lile hurudi katika jumuiya yetu. Mmoja huuliza kwenye kikundi cha simu: je, inafaa kumtakia Mkristo heri ya Noeli? Haichukui nusu saa majibu yamejaa. Huyu anasema ni haramu na hakuna mjadala. Yule anasema dini ni tabia njema, tuache ukali. Mtu hutuma sauti ya sheikh wa mbali, mwenzake humjibu kwa sauti ya sheikh mwingine, na tarehe 25 hupita kila mmoja akiwa amesimama pale pale alipokuwa.

Mimi salamu hizo huzituma. Huzituma kwa mtu mmoja hasa, Mkatoliki tunayefanya naye kazi maabara hapa Bujumbura, na nikizituma nakuwa nimekusudia ninachokiandika. Baada ya hapo naswali Isha yangu na kulala bila wasiwasi. Ndugu mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza hayo mawili yanakaaje pamoja katika moyo mmoja: unaamini kwa yakini kwamba Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, kisha unamtakia mtu heri katika siku anayosherehekea kwamba Mwana wa Mungu amezaliwa. Ama huiamini sana hiyo ya kwanza, alisema, ama huisemi kweli hiyo ya pili. Swali lake ni zuri kuliko yale ya kwenye simu, kwa sababu halikuulizia ruhusa peke yake. Liliulizia ukweli. Nimeahidi kumjibu kwa maandishi.

Nianze na wale wanaokataza, maana hoja yao ina nguvu na mara nyingi tunaipita juu juu. Mwanachuoni anayetajwa zaidi ni Ibn al-Qayyim, aliyefariki Damaski mwaka 751 wa Hijra, yaani 1350. Katika kitabu chake kuhusu hukumu za watu wa dhima anasema kwamba kuwapongeza makafiri kwa mambo ya ibada yanayowahusu wao peke yao ni haramu kwa makubaliano ya wanachuoni. Anaufananisha upongezaji huo na kumpongeza mtu kwa kuusujudia msalaba, na anauona ni mkubwa kuliko kumpongeza mlevi kwa pombe yake. Mwalimu wake Ibn Taymiyya alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya kutofautiana na watu wa motoni katika sikukuu zao na desturi zao. Katika zama zetu Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia alilishika neno la Ibn al-Qayyim na kulitolea fatwa, na hiyo ndiyo inayozunguka kwenye simu zetu kila Desemba, ingawa wengi wanaoituma hawajui ilikotoka.

Tazama kiini cha hoja hiyo kiko wapi. Neno la Kiarabu linalotumika ni tahnia, yaani pongezi. Na pongezi ina sehemu mbili: mtu anayepongezwa, na jambo analopongezwa kwalo. Ukisema "hongera kwa kufaulu", umelisifu lile kufaulu. Umesema kwamba ni jambo jema, na kwamba umeridhika nalo. Ndiyo maana akaleta mfano wa pombe. Huwezi kumwambia mtu hongera kwa chupa aliyokunywa kisha udai kwamba huna maoni yoyote juu ya chupa. Basi ikiwa Noeli ni sherehe ya itikadi ambayo Qur'ani, katika Surat Maryam aya ya 88 na kuendelea, inaieleza kuwa ni neno zito ambalo mbingu zinakaribia kupasuka kwalo, pongezi kwa neno hilo haiwezi kuwa jambo dogo. Mpaka hapo nakubaliana naye kabisa. Sijawahi kumpongeza mwenzangu kwa itikadi yake, na sitafanya hivyo.

Wapo wanaojibu kwamba Ibn al-Qayyim aliandika zama za vita vya Msalaba na Wamongolia, kwa hiyo hukumu yake imepitwa. Jibu hilo silitegemei sana. Ni kweli kwamba kitabu chake kinawahusu Wakristo waliokaa chini ya dola ya Kiislamu, na sisi hapa Burundi ni wachache tunaokaa na majirani walio raia kama sisi, wengi wao Wakatoliki. Mazingira yanabadilisha mengi katika fiqhi. Lakini kama jambo lenyewe ni kuiridhia shirki, basi ni baya Damaski na ni baya Buyenzi, mwaka 1350 na leo. Swali la kufaa kuuliza ni lile analolikimbia kila mtu: je, ninachokiandika mimi ni pongezi?

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Kiswahili kina neno la pongezi, nalo ni hongera. Hatusemi "hongera ya Noeli", na hata Wakristo wenyewe hawasemi hivyo. Husema "heri ya Noeli". Na heri ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, khayr, yaani wema, jambo zuri linalomfikia mtu. Ukimtakia mtu heri, unamwombea yeye mema, na siku inatajwa ili ajue unamwombea lini na kwa mnasaba gani. Ndiyo maana tunasema heri ya mwaka mpya bila kuusifu mwaka wenyewe, ambao huenda ukawa mbaya kuliko uliopita. Linganisha na namna wenzetu wanavyosema kwa Kirundi: "Noeli nziza", yaani Noeli njema. Hapo sifa imekaa juu ya siku yenyewe. Sidai kwamba Mrundi anayesema hivyo anafikiria sarufi; nasema kwamba mimi, nikiwa na nafasi ya kuchagua, nachagua maneno yanayompa wema mtu.

Ndugu yangu wa mwaka wa pili aliponisikia nikisema hivi alicheka. Alisema nimejificha nyuma ya herufi. Kisha akaniletea pingamizi zuri: Ibn al-Qayyim mwenyewe, katika mifano yake ya maneno yaliyokatazwa, anataja mtu kumwambia Mkristo kwamba Idi yake iwe ya baraka kwake. Hilo nalo ni ombi, ni dua kwa mtu. Mbona limeingia katika makatazo?

Ni kweli limeingia, na sitaki kulificha. Ninavyolielewa mimi, neno hilo linaiombea baraka sikukuu yenyewe, iwe chanzo cha baraka kwa anayeisherehekea. Na baraka katika dini yetu inatoka kwa Mwenyezi Mungu juu ya jambo alilolikubali. Mtu aliyesema hivyo mjini Damaski alikuwa anatumia maneno yale yale tunayoambiana sisi siku ya Idi baada ya swala. Alikuwa ameiweka sikukuu ile katika safu ya sikukuu zetu. Nakiri kwamba mpaka kati ya kumtakia mtu heri na kuiombea siku yake baraka ni mwembamba. Mwembamba upo lakini, na mambo mengi ya halali na haramu yametenganishwa na mipaka ya namna hiyo. Mume na mke hutenganishwa na neno moja.

Kwa habari ya yale makubaliano ya wanachuoni, tusiyatamke kama msumari wa mwisho. Katika madhehebu yake yeye mwenyewe Ibn al-Qayyim, ya Imam Ahmad bin Hanbal, al-Mardawi katika kitabu cha al-Insaf anataja kauli zaidi ya moja zilizopokewa kutoka kwa Imam Ahmad kuhusu kuwapongeza wasio Waislamu, kuwapa pole na kuwatembelea wagonjwa wao: ipo inayokataza, ipo inayosema ni makuruhu, na ipo inayoruhusu. Sheikh Abdallah bin Bayyah ameitegemea tofauti hiyo. Marehemu Sheikh Yusuf al-Qaradawi alikataza Waislamu kuisherehekea Noeli kama sikukuu yao, akaruhusu kuwapongeza majirani na wenzao wa kazi, hasa wale wanaowapongeza Waislamu katika Idi zao. Dar al-Ifta ya Misri nayo imeruhusu, na Sheikh wa al-Azhar, Ahmad al-Tayyib, huenda kumpongeza Papa wa Wakopti, ambao Noeli yao ni tarehe 7 Januari. Nataja majina haya ili ndugu anayemwita mwenzake kafiri kwa sababu ya ujumbe wa simu ajue ni akina nani wengine amewaingiza humo.

Msingi wao mkubwa ni aya ya nane ya Surat al-Mumtahana, ambayo Mwenyezi Mungu anatuambia hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale ambao hawakutupiga vita kwa ajili ya dini wala hawakututoa majumbani mwetu. Neno la wema lililotumika pale linatokana na birri, neno lile lile tunalolitumia kwa wema wa mtoto kwa wazazi wake. Na katika Bukhari na Muslim kuna habari ya Asma binti Abu Bakr (r.a.), ambaye mama yake alimjia akiwa bado mshirikina. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) kama aunge udugu naye, naye akamwambia auunge. Mtume (s.a.w.) hakumtaka kwanza ampime mama yake itikadi. Alijua itikadi yake vizuri.

Sasa nirudi kwenye swali la ukweli, maana ruhusa peke yake haimtoshi yule ndugu. Mtu anaweza kuruhusiwa kusema jambo na bado awe mnafiki anapolisema.

Kuna kipimo ninachokitumia. Chukua sentensi uliyoandika, ujiulize: inaweza kuwa uongo? "Leo amezaliwa Mkombozi wetu" inaweza kuwa kweli au uongo. Ni habari. Muislamu akiiandika amesema asichokiamini, hata kama alikuwa anatuma tu kadi nzuri aliyoipata kwa mtu mwingine. Na hili hutokea sana, jamani. Nimeona wenzetu, hata wale wenye juzuu kadhaa vifuani, wakisambaza picha yenye malaika, nyota na maandishi chini yake yanayosema Mungu amekuwa mtu kwa ajili yetu. Ukiwauliza wanakwambia hawakusoma, walipenda rangi. Hiyo ndiyo salamu mbaya kuliko zote, kwa sababu aliyeituma hakuikusudia na aliyeipokea hakusalimiwa na mtu. Lakini "Mwenyezi Mungu akupe afya wewe na watoto wako" haiwezi kuwa uongo kwa maana hiyo. Ni ombi. Linachoweza kukosa ni ikhlasi: naweza kuliandika bila kulitaka. Kwa hiyo kwenye ombi swali ni moja, je, nalitaka hilo ninaloliomba?

Na hapo mimi nina jibu. Nalitaka. Mwenzangu huyu ana mama yake mzee Gitega, mguu wake umekuwa ukimsumbua tangu mvua za Aprili. Ana watoto watatu. Noeli ndiyo siku pekee katika mwaka anayowakusanya wote mezani, kwa sababu zamu za maabara haziangalii wikendi. Nikisema nataka siku hiyo aikute nyumba yake ina afya na chakula na mama yake anatembea, hakuna hata neno moja ambalo nafsi yangu inalisita. Sihitaji kuamini anachokiamini ili nitake watoto wake wale washibe. Tena ningekuwa siyataki hayo, kasoro ingekuwa kwenye Uislamu wangu.

Ujumbe wa mwaka jana ulikuwa hivi, nauandika wote: "Ndugu yangu, heri kwako, kwa mama watoto na kwa watoto katika sikukuu yenu ya Noeli. Mwenyezi Mungu awape afya, amani na riziki, na amponye mama mguu wake. Zamu ya tarehe 25 na 26 niachie mimi, usipokee simu ya kazi. Tutaonana tarehe 27."

Neno lililonichukua muda mrefu zaidi ni "yenu". Kuna mtu aliniambia ni neno baridi, linamtenga. Nililifikiria sana, nikaliacha pale pale. Yeye naye kila Idi huniandikia "Idi yenu iwe njema", na sijawahi kuhisi kwamba amenisukuma nje ya mlango. "Yenu" inasema kweli. Inasema kuna jambo lako ambalo si langu, nami nimesimama nje ya jambo hilo nikikutakia mema. Mgeni anayebisha hodi hajamdharau mwenye nyumba. Anayeingia moja kwa moja hadi jikoni kana kwamba ni kwake ndiye mwenye shida. Ndiyo sababu sipendi pia ile salamu ya kulainisha, kwamba sisi sote tunasherehekea jambo lile lile kwa majina tofauti. Si kweli, na Mkristo anayeijua dini yake hafurahii kuambiwa hivyo. Ukimwambia Mkatoliki kwamba Noeli ni siku tu ya upendo na familia, umemnyang'anya kile anachokwenda nacho kanisani usiku.

Ombi la mguu wa mama halina tatizo kifiqhi. Kumwombea asiye Muislamu afya, riziki na uongofu akiwa hai ni jambo linalojulikana. Kilichokatazwa, katika aya ya 113 ya Surat at-Tawba, ni kuwaombea maghufira waliokwisha kubainika kuwa wamekufa juu ya shirki. Na Mtume (s.a.w.) alimtembelea kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimhudumia alipougua, Bukhari ameipokea habari hiyo.

Hapo ndugu yangu akanikamata. Mtume (s.a.w.) alipomtembelea kijana yule alimwita kwenye Uislamu, naye akasilimu. Mbona wewe ujumbe wako hauna hata neno moja la kumwita? Kama kweli unamtakia heri, na heri kubwa unaijua ni ipi, umemficha.

Hili ndilo lililonifanya nikae kimya kwa siku mbili. Jibu langu ni hili. Kwanza, sijamficha. Anajua ninachoamini juu ya Isa (a.s.) kwa sababu aliniuliza mwenyewe wakati wa chakula cha mchana, nami nikamweleza bila kukata kona: ni Mtume mkubwa, Masihi, amezaliwa na bikira Maryam bila baba kwa amri ya Mwenyezi Mungu, naye si mungu wala si mwana wa Mungu, na hakusulubiwa. Alishangaa kusikia kwamba tuna sura nzima yenye jina la Maryam na kwamba ndani yake amesimuliwa akiwa na uchungu wa kuzaa chini ya mtende. Kisha akaniambia imani yake yeye, nami nikasikiliza. Hakuna aliyebaki gizani kati yetu. Pili, kila neno lina mahali pake. Mtu anayekwenda harusini akamdai bwana harusi deni mbele ya wageni huenda deni lake ni la haki, lakini hakuna atakayemsifu kwa ukweli wake. Dua ya uongofu naiomba kwa Mwenyezi Mungu usiku, na mazungumzo tunayo mwaka mzima. Ujumbe wa siku ya mapumziko yake si mtego. Na angeusoma kama mtego, basi hata ombi la mguu wa mama lingeonekana ni chambo.

Ndugu alikubali la pili kuliko la kwanza. Alisema wengi wetu hatuna hayo mazungumzo ya mchana. Tuna ujumbe wa Desemba tu. Ana haki. Salamu yangu inaweza kuwa fupi na nyepesi kwa sababu kuna mengine yaliyokwisha semwa. Anayemsalimu mwenzake mara moja kwa mwaka, na mwenzake huyo hajui hata kama yeye anaswali, sidhani kwamba tatizo lake ni fiqhi ya tahnia.

Upo upande mwingine ambao mijadala yetu huusahau, nao ni maana ya kunyamaza. Tunazungumza kana kwamba asiyetuma chochote hajasema chochote. Lakini mimi na mwenzangu tumeshazoeana. Ramadhani yote huchukua yeye zamu za jioni ili mimi nikafuturu nyumbani. Ijumaa, kuanzia saa sita hadi saa nane, mashine ya damu anaiangalia yeye, na sampuli zangu huzikuta zimeandikwa vizuri kuliko ninavyoziandika mimi. Asubuhi ya Idi ujumbe wake hunifikia kabla sijavaa kanzu. Mtu wa namna hii nikimpitishia Noeli kimya, kimya hicho kitasomeka, na kitasomeka vibaya. Surat an-Nisaa aya ya 86 inatutaka tukiamkiwa kwa maamkizi tuyajibu kwa yaliyo bora zaidi au mfano wake. Na katika al-Adab al-Mufrad, Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba hata Firauni angemwombea baraka, naye angemrudishia. Firauni! Mwenzangu huyu ni mtu wa Gitega anayeniandikia sampuli zangu.

Zipo pande ambazo siendi, na yeye anazijua. Misa ya usiku siendi. Kutoka kwa Umar (r.a.) imepokewa kukatazwa kuingia makanisani mwao siku ya sikukuu yao, na hata bila hiyo, kusimama kati ya watu wanaoabudu nikiwa mtazamaji naona si adabu kwangu wala kwao. Mti wa Noeli siweki nyumbani, na kofia nyekundu waliyotugawia kazini mwaka mmoja niliikunja nikaiweka kwenye droo. Hakuna aliyeniuliza. Chakula cha tarehe 27, kile kinacholetwa kazini kwenye mabakuli, nakila kama ni wali na samaki. Kama ni nyama nauliza, naye hujibu bila kununa kwa sababu ameshazoea kuulizwa. Naona watu wengi wanaogopa kwamba ukianza na salamu utamalizia kanisani. Kwangu imekuwa kinyume. Kwa kuwa salamu imeshafikishwa na mapenzi yamejulikana, "hapana" zangu nyingine hazimuumizi. Anayekataa misa bila ya kuwa amewahi kusalimia, kukataa kwake huonekana ni chuki tu.

Ndugu ambaye baada ya yote haya moyo wake umebaki na kauli ya kukataza, namheshimu, na sitaki aandike neno ambalo dhamira yake inalikataa. Huyo pia ana la kufanya. Anaweza kuchukua zamu ya tarehe 25 bila kuombwa. Anaweza kumwuliza mwenzake hali ya mama yake wiki moja kabla, na kumwombea safari njema ya Gitega, maana barabara ile ya milimani wakati wa mvua si ya mchezo. Hayo hayamo katika pongezi ya sikukuu kwa kauli ya mtu yeyote. Ninachomwomba asifanye ni kujifanya hajui kwamba kuna sikukuu. Kumkwepa mtu kwenye korido kwa siku tatu kisha kurudi kumwomba akushikie zamu ya Ijumaa, hilo sijalipata katika kitabu cha Ibn al-Qayyim.

Limebaki jambo dogo ambalo sina jibu lake la kitabu. Kila mwaka, akishanishukuru, mwenzangu huongeza, "Na wewe pia, Noeli njema." Huandika kwa mazoea, kama mtu anayesema "na wewe pia" kwa aliyemwambia safari njema naye hasafiri. Mwaka wa kwanza nilifikiri nimsahihishe. Sasa huwa namjibu, "Ahsante. Kwetu sisi leo ni siku ya kazi," naye hunitumia picha ya sahani.